Kupandisha Windows juu ya ile ya zamani, au kuipiga upya?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha msaada wa kawaida wa Windows 10, na tangu hapo swali moja limekuwa halikauki kwa mafundi: laptopu hii tuipandishe iende Windows 11 na vitu vyake vyote, au tufute diski tupige Windows mpya? Mara nyingi jibu hutolewa haraka kufuatana na mazoea ya fundi. Wapo wasiojua njia nyingine zaidi ya kufuta kila kitu, na wapo wanaobonyeza tu kitufe cha kusasisha wakasubiri. Njia zote mbili ni nzuri zikitumika mahali pake. Tatizo ni kwamba watu wengi huchagua kwa kuangalia muda utakaotumika, wakati jambo la kuangalia ni lingine: ndani ya mashine hiyo kuna nini, na je, unataka kiendelee kuwamo?

Ili hilo lieleweke, tuanze na kile kinachotokea ndani unapopandisha, maana hapo pana dhana potofu iliyoenea sana. Wengi huamini kwamba kupandisha ni kuiweka viraka Windows ya zamani, faili moja baada ya jingine, mpaka igeuke kuwa mpya. Kwa hiyo wanasema Windows iliyopandishwa ni "ya kubandikwa" na haiwezi kuwa imara. Sivyo. Tangu enzi za Windows Vista, programu ya usakinishaji huleta mfumo mzima mpya, ukiwa umekamilika. Kwanza, ukiwa bado unaitumia mashine yako, inakagua kama vifaa vinafaa, kisha inanakili mafaili yake kwenye folda iliyofichwa iitwayo `C:\$WINDOWS.~BT`. Mashine inajizima na kuwaka ikiwa kwenye mfumo mdogo wa muda. Katika hatua hiyo Windows ya zamani inasogezwa kando kwenye folda ya `C:\Windows.old`, na ile mpya inatandazwa mahali pake. Mashine inawaka tena kwa mfumo mpya, inatambua vifaa na kufunga draiva, na mwishowe inarudisha akaunti zako, programu zako na mipangilio yako.

Ni sawa na familia inayohamia nyumba mpya ikabeba mizigo yake yote. Kuta ni mpya, bomba ni mpya, lakini kama kwenye godoro kulikuwa na kunguni, nao wamehama.

Hapo ndipo penye kiini cha uamuzi. Kupandisha kunaweza kuponya ugonjwa ulio ndani ya Windows yenyewe. Mafaili ya mfumo yaliyoharibika kwa kuzimika umeme ghafla, masasisho yaliyokwama kwa miezi, vitufe vya mfumo visivyofunguka: haya mara nyingi huisha, kwa sababu mafaili hayo yameachwa nyuma. Lakini vinavyohamishwa ni vingi pia: programu zote, huduma zinazojiwasha zenyewe, kazi zilizopangwa kujiendesha kwa ratiba, draiva zinazokubalika, na maelfu ya mipangilio iliyokusanyika tangu siku ya kwanza. Ugonjwa ukiwa kwenye hivyo, utaukuta upande wa pili ukiwa mzima.

Kupiga upya hakuchukui kitu. Unaandaa flashi ya GB 8 au zaidi, unawasha mashine kupitia flashi hiyo, unafuta sehemu zote za diski, na Windows inaanza na diski tupu. Kinachobaki ni kile tu ulichokitoa nje kabla.

Sasa hesabu ya gharama. Kupakua Windows 11 kunakula zaidi ya GB 5 za bando kwa njia zote mbili, na flashi moja inaweza kuhudumia mashine nyingi, kwa hiyo hapo hakuna tofauti kubwa. Tofauti inakuja baadaye. Baada ya kupandisha, mtu anafungua laptopu na kuendelea na kazi yake. Baada ya kupiga upya, kuna kurudisha kila programu, kutafuta leseni, kuunganisha printa, kuingiza nywila za barua pepe. Usakinishaji wenyewe kwenye diski ya SSD hauchoshi. Kinachochosha ni siku chache zinazofuata, mtumiaji anapogundua kila saa kitu kingine kilichokosekana.

Na vinavyokosekana karibu kila mara si vile vilivyomo kwenye Documents au Desktop. Hivyo kila mtu anakumbuka kuvitoa. Vinavyosahaulika ni faili la barua pepe lenye mwisho wa `.pst`, nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, fonti alizonunua mtu wa matangazo, na zaidi ya yote data za programu ambazo huziweka mahali ambapo macho hayafiki: `C:\ProgramData`, au `AppData` ndani ya folda ya mtumiaji, ambazo zote mbili zimefichwa. Programu nyingi za zamani za uhasibu na za maduka huweka hata data zake ndani ya folda ya programu yenyewe, kwenye Program Files au moja kwa moja kwenye mzizi wa diski C. Ukinakili folda za kawaida tu ukafuta diski, umefuta vitabu vya hesabu vya mtu. Ndiyo maana kabla ya kupiga upya ni lazima kufungua kila programu muhimu na kutumia kitufe chake chenyewe cha kutoa nakala, kisha nakala hiyo ijaribiwe kwenye mashine nyingine. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa bado huna uhakika nayo.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Kuna aina ya laptopu ambayo imejaa kwenye maduka ya mashine zilizotumika kuanzia Kariakoo hadi Nairobi: EliteBook 840 G5, yenye prosesa ya Intel Core i5 kizazi cha nane, memori ya GB 8 na SSD ya GB 256. Hii ni kati ya mashine za zamani zaidi zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, kwa sababu upande wa Intel Microsoft ilianzia, isipokuwa chache, kwenye kizazi cha nane. Tuseme imenunuliwa ikiwa imetumika, ina Windows 10 Pro, na mwenyewe ana duka la vifaa vya ofisi. Ndani kuna programu ya uhasibu iliyowekwa miaka kadhaa iliyopita, na faili lake la kusakinisha halijulikani lilipo.

Akibonyeza kupandisha, anaambiwa mashine haifai kwa sababu ya Secure Boot, ulinzi unaokagua mfumo mashine inapowaka. Wengi hapa hukata tamaa wakidhani laptopu imepitwa na wakati. Lakini ukifungua `msinfo32` na kutazama mstari wa BIOS Mode, unakuta neno Legacy. Maana yake ni kwamba mashine inaweza, ila aliyepiga Windows ya mwisho aliipiga kwa mtindo wa kale, na diski imepangwa kwa mtindo unaoitwa MBR. Windows 11 inataka UEFI, yaani mtindo mpya wa kuwasha mashine, na UEFI inataka diski iliyopangwa kwa mtindo mpya wa GPT. Si lazima kufuta chochote ili kurekebisha hilo. Windows 10 ina chombo chake cha kubadilisha mpango wa diski data zikiwa mahali pake. Unafungua dirisha la amri kama msimamizi, unaanza kwa kukagua, na ukaguzi ukipita ndipo unabadilisha:

```
mbr2gpt /validate /allowFullOS
mbr2gpt /convert /allowFullOS
```

Kikwazo cha kawaida ni diski yenye sehemu kuu zaidi ya tatu. Hapo chombo kinakataa mpaka moja iondolewe. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi usitishwe kwanza. Baada ya kubadilisha, mashine haitawaka mpaka uingie kwenye mipangilio yake ya ndani, kwa F10 kwenye laptopu hii, ukaweka UEFI na kuwasha Secure Boot. Atakayesahau hatua hiyo ataona diski haitambuliki na kudhani ameiharibu.

Kwa hiyo njia ya kupandisha ipo, na programu ya uhasibu ingehamia Windows 11 bila kutafuta faili lake. Inavutia. Lakini kabla ya kubadilisha diski kuna swali la asili ya mashine hii, na amri mbili zinatosha kulianza. Ya kwanza inaonyesha aina ya leseni, ya pili inaendeshwa kwenye PowerShell ya msimamizi na kuonyesha maeneo ambayo kinga ya virusi imeamriwa isiyaguse:

```
slmgr /dli
(Get-MpPreference).ExclusionPath
```

Kwenye mashine yetu ya mfano, ya kwanza inaonyesha VOLUME_KMSCLIENT. Hiyo ni leseni ya mashirika, ambayo inapaswa kujihuisha kupitia seva ya shirika lenyewe kila baada ya muda usiozidi siku 180. Laptopu ya dukani haina shirika wala seva. Maana yake, karibu kwa hakika, kuna chombo cha kuvunja leseni kilichofichwa mahali fulani, kinachojiendesha kwa ratiba na kuidanganya Windows. Ya pili inaonyesha `C:\Windows\Temp` na folda nyingine moja yenye jina lisiloeleweka. Yaani kuna mtu aliiambia kinga ya virusi ipite pembeni ya folda hizo. Inawezekana alitaka tu chombo chake cha leseni kisifutwe. Inawezekana pia kuna kingine kilichoingia kwa mlango huo huo, na kwa kutazama kutoka ndani ya mfumo huo huo hakuna namna ya kuthibitisha kwamba hakipo.

Ukiipandisha, kazi iliyopangwa, huduma na ruhusa hizo kwa kawaida zitahamia Windows 11 pamoja na programu ya uhasibu. Mimi hapa sisiti: mashine ambayo hujui nani aliiandaa, na inaonyesha dalili hizi, inapigwa upya. Hii ni mashine ambayo mwenyewe anaingia benki kupitia kwayo. Usumbufu wa kutafuta programu moja hauwezi kuwekwa mizani moja na hilo.

Lakini programu ya uhasibu nayo ni ya kweli, na njia ya kuilinda ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri: usifute diski ya zamani kabisa. Nunua SSD mpya, itoe ya zamani, iweke kando ikiwa imeandikwa jina na tarehe, kisha piga Windows 11 kwenye mpya. Hapa hata `mbr2gpt` haihitajiki, kwa sababu flashi ikiwashwa kwa UEFI, Windows itaipanga diski tupu kwa GPT yenyewe. Kabla ya kutoa diski ya zamani, toa nakala ya hesabu kupitia programu yenyewe, andika toleo lake kamili na namba ya leseni kutoka kwenye dirisha lake la kujitambulisha, kisha mtafute aliyeiuza akupe faili la toleo hilo hilo. Nakala iliyotoka kwenye toleo jipya mara nyingi haifunguki kwenye la zamani. Ikitokea mauzo ya mwisho wa mwezi yamefika na programu bado haijapatikana, diski ya zamani inarudishwa, mashine inarejeshwa kwenye Legacy, kazi inafanyika bila intaneti, kisha diski inatolewa tena. Bei ya SSD ya GB 256 ni ndogo ukilinganisha na vitabu vya hesabu vya miaka.

Kabla ya kufuta au kubadilisha diski, kuna jambo la leseni. Laptopu nyingi za kampuni kubwa zina ufunguo wa Windows uliochomwa kiwandani ndani ya ubao mama. Ukiupata, huhitaji chombo chochote cha wizi:

```
(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey
```

Kama kunatoka herufi na namba 25, usakinishaji mpya utausoma ufunguo huo wenyewe na kuchagua toleo linalolingana nao, iwe Home au Pro, bila kukuuliza. Ufunguo wa Windows 10 kwa kawaida unakubalika kwa Windows 11 ya aina hiyo hiyo. Ni jambo la kushangaza kidogo, lakini mashine nyingi zilizovunjwa leseni zilikuwa na leseni yake halali muda wote, ila aliyezipiga alichagua toleo lisilolingana nayo. Kama hakuna kinachotoka, na mashine haikuwahi kuwa na leseni ya kudumu, basi leseni inunuliwe. Kupandisha kusingebadilisha ukweli huo.

Sasa chukua laptopu ile ile, lakini iliyonunuliwa mpya na ofisi, ikatunzwa na watu wale wale tangu mwanzo. Leseni ni halali, kinga ya virusi haina maeneo iliyokatazwa, mashine haina tatizo lolote zaidi ya kwamba Windows yake imezeeka. Ina programu kumi na tano, mbili zikiwa zimefungwa kwa leseni zinazohesabu idadi ya mashine. Hii kuipiga upya ni kujitafutia kazi. Ipandishwe. Hoja ya kwamba "ikipigwa upya itakuwa nyepesi" ina ukweli, lakini wepesi huo kwa sehemu kubwa unatokana na kutokuwepo kwa programu zinazojiwasha mashine inapowaka, na hizo unaweza kuzizima kupitia Task Manager ndani ya dakika chache. Kama mashine ni nzito kwa sababu ya diski ya kizamani inayozunguka, kupiga upya hakutaiokoa kwa muda mrefu.

Kupandisha kuzuri kuna maandalizi yake, na yapo machache tu yenye uzito. Nafasi kwenye diski C iwe walau GB 30, kwa kuwa kwa muda utakuwa na Windows mbili ndani yake. Kinga ya virusi ya kampuni nyingine iondolewe kabisa, siyo kuzimwa tu. Vifaa vya USB visivyohitajika vichomolewe. Mashine iwe kwenye umeme na betri ikiwa imejaa. Kwa kompyuta ya mezani mahali penye mgao, bila kifaa cha kuhifadhi umeme, subiri siku ya uhakika. Na nakala ya data itolewe hata kama njia hii imeundwa isipoteze kitu.

Kisha tazama dirisha linalouliza nini kibaki. Lazima liseme Keep personal files and apps. Kama chaguo hilo limefifia na halibonyezeki, simama hapo hapo. Mara nyingi sababu ni lugha: Windows iliyopo ilisakinishwa kwa Kiingereza cha Uingereza na flashi yako ni ya Kiingereza cha Marekani, jambo la kawaida kwa mashine zilizotoka Ulaya. Mara nyingine ni toleo lisilolingana. Ukipuuza na kuendelea na chaguo la chini yake, programu zote zitaondoka na zitabaki nyaraka tu. Dawa ni kupakua upya kwa lugha inayolingana.

Kupandisha kukishindikana, kwa kawaida mashine inajirudisha yenyewe Windows 10 na kukuachia namba. Mashuhuri kuliko zote ni `0xC1900101`, na karibu kila mara inamaanisha draiva. Namba ya pili inayofuata baada ya kistari ndiyo inayoonyesha ilishindwa wapi: ikianza na `0x2` ni kwenye ule mfumo mdogo wa muda, `0x3` ni uwashaji wa kwanza wa Windows mpya, `0x4` ni wa pili, wakati wa kurudisha mipangilio yako. Kwa uwashaji wa kwanza, watuhumiwa ni draiva ya kadi ya picha, ya waifai, au mabaki ya VPN na kinga za virusi. Ondoa mtuhumiwa, pakua draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji, jaribu tena. Ikishindwa mara ya pili mahali pale pale, mimi huacha. Mtu anaweza kupoteza siku tatu akisoma kumbukumbu za usakinishaji ili kuokoa kazi ya siku moja ya kupiga upya.

Ikifaulu, una siku 10 za kujutia. Ndani ya siku hizo kitufe cha Go back kwenye Settings, sehemu ya System kisha Recovery, kinairudisha Windows 10 kutoka `Windows.old`. Zikipita, folda hiyo inafutwa yenyewe. Kwa ofisi ambayo kazi zake nzito ziko mwisho wa mwezi, siku 10 hazitoshi kujua kama kila kitu kinafanya kazi, kwa hiyo mara tu baada ya kupandisha ongeza muda. Kikomo ni siku 60:

```
DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60
```

Usisafishe diski kwa Disk Cleanup katika kipindi hicho, na usiifute `Windows.old` ili kupata nafasi, la sivyo njia ya kurudi imekatika.

Upande wa kupiga upya nao una mitego yake miwili. Kwanza, kwenye laptopu za Intel kuanzia kizazi cha 11, dirisha la kuchagua diski linaweza kuwa tupu kana kwamba hakuna diski. Diski haijafa, usakinishaji unahitaji draiva ya hifadhi ya Intel, ambayo unaiweka kwenye flashi kabla na kuichagua kwa kitufe cha Load driver. Weka humo na draiva ya waifai pia, kwa sababu Windows 11 Home inataka intaneti na akaunti ya Microsoft kabla haijakufikisha mezani.

Mtego wa pili ni mpya zaidi na una madhara makubwa zaidi. Kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 iliyopigwa upya na kuingizwa akaunti ya Microsoft huifunga diski kwa usimbaji yenyewe, mara nyingi mwenye mashine akiwa hana habari. Ni ulinzi mzuri laptopu ikiibwa. Lakini ubao mama ukiharibika, au mipangilio ya ndani ikibadilishwa, mashine itadai ufunguo wa tarakimu 48, na ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika siku ya kwanza. Kama fundi alitumia akaunti yake mwenyewe ili kumaliza kazi haraka, ufunguo uko kwake, siyo kwa mwenye data. Kwa hiyo akaunti iwe ya mwenye mashine, na kabla ya kukabidhi laptopu endesha amri hii kama msimamizi:

```
manage-bde -status C:
```

Ikionyesha Protection On, mwenyewe afungue `account.microsoft.com` kwa simu yake mbele yako, aone ufunguo upo, na auandike kwenye karatasi itakayokaa pamoja na risiti ya mashine.